Kikao Kinaposogezwa Asubuhi ya Siku Yenyewe

Nimefanya kazi ya katibu muhtasi katika halmashauri za wilaya kwa muda mrefu, na kazi niliyoizoea kuliko zote ni kuwataarifu watumishi kwamba kikao walichojiandaa nacho hakitafanyika saa waliyoambiwa. Kikao kikifutwa wiki nzima kabla, barua moja inatosha. Kinachohitaji ufundi ni kile kinachosogezwa saa chache kabla ya kuanza, wakati mtendaji wa kata ya mbali ameshapanda bodaboda alfajiri, yuko mahali ambapo simu haishiki mtandao, na ubao wa matangazo makao makuu bado unaonyesha saa ya zamani. Nitaeleza asubuhi moja ya namna hiyo, kwa sababu karibu kila kitu ninachokijua kuhusu jambo hili kilijitokeza ndani yake.

Kilikuwa kikao cha Mkurugenzi na watendaji wa kata 19 pamoja na wakuu wa idara 11, kuhusu makusanyo ya mapato ya ndani. Kilipangwa Alhamisi saa 4:00 asubuhi katika ukumbi mkubwa. Ilipofika saa 12:30 asubuhi Mkurugenzi alinipigia simu akasema, "Mama, nimeitwa mkoani. Hicho kikao kisogeze mpaka mchana, uwataarifu wote." Ningeweza kuandika hivyo hivyo alivyosema na kutuma, na watu 30 wangebaki na neno "mchana" ambalo kila mmoja angelipa saa yake. Nikamwuliza, "Bosi, tuandike saa ngapi kamili? Na ikiwa mkoani watakuchelewesha, nani aanze?" Akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba tuandike saa nane, na ikiwa hajafika, Mweka Hazina aanze na taarifa ya mapato chini ya uenyekiti wa Kaimu.

Maswali hayo mawili yaliokoa siku. Mtu akisogezewa kikao mara ya kwanza hukubali, lakini akisogezewa mara ya pili siku hiyo hiyo huanza kupanga mambo yake kana kwamba kikao hakipo, na hapo hakuna tangazo litakalomrudisha. Kwa hiyo saa mpya ni lazima iwe saa ambayo kikao kitaanza hata kama aliyeitwa mkoani amekwama njiani. Pale ambapo kiongozi hawezi kutaja saa wala mtu wa kumshikia nafasi, mimi humwomba kwa heshima tukisogeze hadi siku nyingine kabisa, kwa kuwa tangazo la "mtajulishwa baadaye" linawafunga watumishi wasiende kazini na wasiende kikaoni.

Kabla ya kuandika neno lolote nilimpigia mhudumu anayetunza funguo za kumbi. Akaniambia ukumbi mkubwa una mafunzo ya walimu kuanzia saa 7:00 mchana. Hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, maana kikao kikihama saa, mahali pake pa zamani huwa pameshaahidiwa wengine. Tukachukua ukumbi mdogo wa ghorofa ya kwanza, wenye viti 40. Mazungumzo yote hayo, ya Mkurugenzi na ya mhudumu, hayakuzidi dakika kumi, na yalinipa kitu ambacho hakitabadilika tena: siku, saa, mahali, na mtu wa kuongoza.

Sasa nieleze maandishi yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo nimeona makosa mengi. Katika ofisi niliyopitia zamani, afisa mmoja alipewa kazi kama hiyo akaandika ujumbe wa heshima sana. Ulianza kwa salamu, ukafuata na masikitiko, ukaeleza kwamba kikao kilichokuwa kimepangwa kufanyika leo saa 3:00 asubuhi kimeahirishwa kutokana na majukumu mengine ya kitaifa yaliyojitokeza, na mwishoni kabisa ukataja kwamba kitafanyika saa 9:00 alasiri. Kiswahili chake kilikuwa safi. Lakini simu ikiwa imefungwa huonyesha mstari mmoja au miwili tu ya mwanzo, na mtu aliyeko juu ya pikipiki au ndani ya kosta iliyojaa hufungua macho tu, hafungui ujumbe. Baadhi waliona "saa 3:00 asubuhi" wakadhani ni kumbusho la kawaida wakaendelea na safari. Wengine waliona "kimeahirishwa" wakashuka kwenye gari na kurudi kwao, wala hawakusoma kwamba kuna saa 9:00. Kikao kilianza nusu ya viti vikiwa vitupu, na kila aliyekosekana aliweza kusema kwa haki kwamba alipata ujumbe na akautii.

Tangu hapo ninaandika jambo jipya kwanza, na la zamani nalitaja mara moja tu, baada ya jipya, kwa kulikana waziwazi. Asubuhi ile ya Alhamisi ujumbe wa simu ulisomeka hivi:

"KIKAO LEO ALHAMISI SAA 8:00 MCHANA (14:00) UKUMBI MDOGO, SI SAA 4:00 ASUBUHI. MKURUGENZI AMEITWA MKOANI. JIBU NIMEPATA NA JINA LA KATA."

Msomaji aone kilichomo na kwa nini kimekaa hivyo. Neno la kwanza ni kikao, linalofuata ni siku, kisha saa mpya, kisha mahali papya, na vyote hivyo vinaonekana hata simu ikiwa imefungwa. Sababu imepewa maneno matatu. Watumishi wanastahili kujua sababu, na ikikosekana wataitunga wenyewe, lakini hawahitaji maelezo ya aya nzima ili wabadilishe ratiba yao. Salamu sikuiweka. Wazee wawili watatu katika watendaji wetu niliwapigia simu mwenyewe na huko nikaamkia kama inavyopasa, "Shikamoo baba, samahani kwa kukushtua mapema," na wakapokea vizuri.

Urefu wa ujumbe nao una sababu. Ujumbe mfupi wa kawaida wa simu unabeba herufi 160, ukihesabu na nafasi. Ukizidi hapo hukatwa vipande, na katika simu za batani ambazo watendaji wengi wa vijijini wanazitumia kwa sababu chaji yake hudumu, kipande cha pili kinaweza kuchelewa au kikatangulia cha kwanza. Kikatuni kimoja cha uso unaotabasamu kikiingizwa, nafasi hushuka kutoka herufi 160 hadi 70, kwa hiyo katika taarifa ya dharura sikiweki. Ujumbe niliounukuu hapo juu unaingia wote katika kipande kimoja.

Kuhusu saa, nataka nikae kidogo, kwa maana hapa ndipo Waswahili tuna hatari ambayo wengine wengi hawana. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, ilhali simu ya mkononi, barua pepe za wafadhili na kalenda za kompyuta zinahesabu tangu usiku wa manane, na tofauti yake ni saa sita kamili. Mtumishi wa kata akiandikiwa "saa 8:00" bila neno mchana ataelewa saa nane, lakini mratibu wa mradi aliyezoea kusoma simu yake ataona 8:00 na kuielewa kuwa ni saa mbili asubuhi. Kinyume chake pia hutokea: mtu ananakili "2:00" kutoka kwenye barua pepe ya mdau, anaandika "saa 2:00" katika kundi la watumishi, na wajumbe wanafika asubuhi na mapema kwa kikao cha mchana. Katika taarifa ya kawaida iliyotolewa siku tano kabla, kosa kama hilo hugunduliwa na mtu akauliza. Katika taarifa ya saa mbili kabla hakuna muda wa kuuliza. Ndiyo maana naandika saa ya Kiswahili na neno la kipindi chake, asubuhi, mchana, alasiri au jioni, halafu kwenye mabano naweka saa ya tarakimu 24, ambayo haiwezi kusomwa kwa namna mbili inapokuwa 14:00. Kwa vikao vya asubuhi tarakimu hizo hazinisaidii sana, kwa sababu 09:00 bado inaweza kusomwa kama saa tisa, na hapo neno "asubuhi" ndilo linalobeba mzigo wote. Siliachi kamwe.

Baada ya kutuma, nilichukua orodha ya majina 30 na kuipanga upya. Sikuipanga kwa vyeo wala kwa alfabeti, niliipanga kwa kuuliza ni nani ataanza safari mapema zaidi. Kata yetu ya mbali iko kilomita kama 70 kutoka makao makuu, sehemu kubwa ikiwa barabara ya vumbi, na mtendaji wake akiwa na kikao cha saa nne huondoka kabla ya saa kumi na mbili. Huyo nilimpigia wa kwanza kabisa. Simu haikupatikana. Nikampigia mtendaji wa kata inayofuata njiani, nikamkuta bado yuko nyumbani, nikamwomba amsimamishe mwenzake atakapopita kituo cha bodaboda cha senta yao. Akasema, "Dada, hapa lazima apite, nitamwambia kijana wa kijiweni akae macho." Muda mfupi baadaye yule wa mbali alinipigia mwenyewe kwa simu ya kijana huyo.

Swali lake lilikuwa la haki: aje au arudi? Alikuwa ameshasafiri zaidi ya nusu ya njia. Mtu wa namna hiyo hapaswi kuachwa aamue peke yake, kwa sababu nauli anayoipoteza ni yake. Nilimwambia aendelee kuja, kwamba muda wa kusubiri autumie kwa Mweka Hazina kusawazisha taarifa ya mashine za kukusanyia mapato ambayo ilikuwa na tofauti, na nikampigia Mweka Hazina papo hapo ili amtarajie. Wale waliokuwa hawajatoka nyumbani niliwaambia watoke saa tano. Hivyo makundi mawili yalipata maelekezo mawili tofauti, jambo ambalo ujumbe mmoja wa jumla usingeweza kulifanya. Wakuu wa idara 11 waliokuwa hapo hapo makao makuu niliwaacha mwisho, ingawa wao ndio wenye vyeo, na hakuna aliyelalamika alipoelezwa mpangilio huo.

Kundi la watumishi la WhatsApp nalo nililitumia, lakini nalitegemea kwa mipaka. Niliweka tangazo jipya, nikalibandika juu ya kundi ili lisizame chini ya salamu za asubuhi, na nikamwomba msimamizi wa kundi afute tangazo la zamani. Kulihariri tangazo la zamani hakukuwezekana, kwa kuwa WhatsApp inaruhusu kuhariri ujumbe kwa muda mfupi tu baada ya kuutuma, na hata ndani ya muda huo kuhariri hakupigi mlio kwenye simu ya mtu. Aliyekwisha kuusoma hatajua kwamba umebadilika. Kufuta nako hakutoshi, maana tangazo la jana lilikuwa limeshasambazwa kwenye makundi ya kata, na huko linaendelea kuishi. Ukibonyeza ujumbe wako mwenyewe kwenye kundi na kufungua taarifa zake, utaona majina ya waliousoma na ya wale ambao umewafikia tu. Orodha hiyo ya pili, ya ambao ujumbe umefika lakini haujasomwa, ndiyo orodha ya kupigiwa simu. Nimewahi kumsikia kiongozi mmoja akisema kwamba akishatuma kwenye kundi amemaliza kazi yake. Mimi siwezi kukubali hilo. Taarifa iliyotolewa saa mbili kabla inakuwa taarifa pale tu mtu aliyekusudiwa anapojibu, na mbele ya kila jina kwenye karatasi yangu naandika saa aliyojibu na njia aliyojibu: simu, ujumbe, au kupitia mtu mwingine.

Wale waliofikiwa kupitia mtu mwingine huwa nawawekea alama ya kuuliza hadi niwasikie wenyewe. Habari inayopita midomo miwili hupungua. Siku ile mmoja aliambiwa na jirani yake kwamba "kikao ni mchana", bila saa wala ukumbi, na alama yangu ya kuuliza ndiyo iliyonifanya nimpigie tena saa nne nikamkuta amejipangia kufika saa tisa.

Kisha kuna watu ambao hawamo katika orodha ya wajumbe lakini saa ya kikao ndiyo saa yao ya kazi. Mama lishe aliyekuwa na zabuni ya chai ya saa nne alikuwa ameshaumua unga wa maandazi ya watu 30. Nilimpata akiwa anawasha jiko. Tulikubaliana maandazi yapikwe na yaliwe na waliokwisha kufika na wakuu wa idara, na kwamba saa nane kuwe na maji na matunda tu, kwa sababu watu watakuwa wamekula. Dereva aliyepangiwa kuwafuata watendaji wawili wa ng'ambo ya mto alibadilishiwa saa. Mlinzi wa getini alipewa karatasi yenye saa mpya na ukumbi mpya, na akaambiwa amwambie kila anayeuliza.

Mhudumu alikwenda kubandua tangazo la zamani katika mbao zote mbili, ule wa masjala na ule wa nje, na kubandika jipya pia kwenye mlango wa ukumbi mkubwa. Mlango huo ni muhimu kuliko ubao. Aliyekosa taarifa zote atakwenda hadi mahali alipoambiwa mwanzo na kusimama hapo, na karatasi ikiwa imebandikwa usawa wa macho yake atajua la kufanya bila kuhangaika ofisi kwa ofisi.

Saa 6:00 mchana nilituma kumbusho. Watu wengi huandika kumbusho kwa kusema "kama tulivyotangaza asubuhi, tafadhali mzingatie muda". Kumbusho la hivyo halimsaidii aliyekosa tangazo la asubuhi, na yeye ndiye anayelihitaji kuliko wote. Langu lilirudia siku, saa, na ukumbi kwa ukamilifu, likaacha sababu, na halikutaja tena saa nne. Ilipofika mchana, saa ya zamani ilikuwa imeshapita, na kuitaja kungeongeza tu tarakimu ya kuchanganya.

Ilipofika saa 8:00 walikuwepo wajumbe 28 kati ya 30. Mmoja alikuwa na msiba na alikuwa ametoa udhuru tangu jana yake, na mwingine gari lao liliharibika njiani, akafika saa 8:40. Mkurugenzi alikuwa bado mkoani. Kaimu akafungua kikao kwa saa iliyotangazwa, Mweka Hazina akaanza na taarifa yake, na Mkurugenzi aliingia wakati wa majadiliano. Katika muhtasari niliandika saa ya awali, saa mpya, sababu, na njia zilizotumika kuwataarifu wajumbe, na ile orodha yangu yenye saa za majibu nikaiambatisha kwenye jalada. Imewahi kuhitajika. Mtumishi akiandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza kwa nini hakuhudhuria, orodha hiyo ndiyo inayomlinda ambaye kweli hakufikiwa, na ndiyo inayomkumbusha aliyejibu "NIMEPATA" asubuhi.

Kuna vikao ambavyo utaratibu huu hauvihusu. Baraza la Madiwani na kamati zake za kudumu vina Kanuni za Kudumu zinazoeleza jinsi ya kuviitisha na kuviahirisha, na ujumbe wa simu wa katibu muhtasi hauwezi kuchukua nafasi ya utaratibu huo hata kama Waheshimiwa wote wameupokea. Hapo kazi yangu ni kuandaa barua, na simu zinafuata kama msaada tu.

Pia kuna muda ambao umeshapita. Ikiwa imebaki chini ya saa moja, na wajumbe wengi wanatoka mbali, namshauri kiongozi asisogeze kwa simu, kwa kuwa walio wengi wako barabarani au wameshaingia getini, na kila ujumbe utakaotumwa utagawa watu katika makundi mawili yenye taarifa mbili. Kaimu aingie ukumbini kwa saa ile ile ya zamani, ahesabu waliofika, awatangazie kwa mdomo saa mpya, na ikiwezekana achukue ajenda moja isiyomhitaji kiongozi na kuianza hapo hapo. Mimi nakaa nje ya mlango na orodha yangu, nawapigia wale ambao hawajaingia.